Kandambili Nyekundu: Igizo Fupi la Mto Uliochafuliwa

Igizo fupi la wanafunzi kuhusu mto uliochafuliwa hukabiliana na tatizo moja kubwa: mambo linayotaka kuonyesha hayatokei mahali pamoja. Anayemwaga uchafu yuko juu ya mto, anayeumia yuko chini, na katikati kuna kilomita kadhaa za mitaa ya watu wasiojuana. Mmwagaji hamwoni mgonjwa, na mgonjwa hamjui mmwagaji. Jukwaa ndilo linaloweza kuwaleta wote mbele ya macho ya mtazamaji kwa dakika kumi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa igizo la namna hii ni kuyafuata maji, kutoka mkono unaomwaga hadi mdomo unaokula.

Mfano unaochambuliwa hapa umejengwa juu ya Mto Msimbazi. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam kwa mwendo wa kilomita 35 hivi, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Njiani hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, maeneo yenye nyumba zilizobanana, gereji, viwanda na bustani za mboga. Ni mto mfupi, na ufupi huo unamfaa mwandishi: kinachoingia usiku mtaa wa juu huweza kuwa kwenye bustani ya mtaa wa chini kabla jua halijapanda.

Kuchagua uchafu mmoja au miwili

Kosa la kawaida katika maigizo ya shule ni kutaka kutaja kila kitu: mifuko ya plastiki, kemikali za viwandani, ukataji miti, mafuriko, samaki waliokufa. Mwisho wake wahusika huwa wasomaji wa orodha. Dakika kumi hutosha kwa mnyororo mmoja wa matukio unaofuatwa hadi mwisho.

Katika mfano huu uchafu uliochaguliwa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kinyesi kinachotoka kwenye vyoo vya shimo. Katika mitaa iliyobanana ya Dar es Salaam kuna kitendo ambacho wakazi hukiita kutapisha choo. Shimo likijaa, mwenye nyumba husubiri mvua kubwa, kisha hufungua tundu au bomba lililozibwa pembeni mwa shimo, na yaliyomo huondoka na maji ya mvua hadi mtaroni na hatimaye mtoni. Watu hufanya hivyo kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro, na hata likipita, gharama yake ni kubwa kwa kaya yenye kipato kidogo.

Uchafu wa pili ni oili chafu ya magari. Gari dogo likibadilishwa oili hutoa takriban lita 4 za oili iliyotumika. Gereji inayohudumia magari matano kwa siku hujaza dumu la lita 20. Oili hiyo ikimwagwa mtaroni hutandaa juu ya maji kama utando mwembamba unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na utando huo huzuia hewa kuingia majini.

Kujenga kisa kwa kitu kinachosafiri

Bakteria hawaonekani kwa macho, na mtazamaji wa miaka kumi hawezi kuwafuata jukwaani. Anachoweza kukifuata ni kitu. Ndiyo maana igizo hili limepewa kandambili moja nyekundu ya mtoto. Inaanguka mtoni juu, inapita mbele ya gereji, inakwama bustanini, kisha inarudi nyumbani ilikotoka. Kila inapopita, mtazamaji anaelewa kwamba hata visivyoonekana vimepita njia ileile.

Wahusika wanaosema ni watano tu: Babu Kondo, mjukuu wake Juma, Fundi Sudi, msaidizi wake Chande, na Mama Tatu mkulima wa mchicha. Mto nao ni mhusika, ila hausemi. Huigizwa na wanafunzi wanne walioshika ncha za kanga ya buluu. Wanafunzi waliobaki hukaa pembeni na kutoa sauti: mvua kwa kugonga mapaja kwa vidole, ngurumo kwa kupiga sakafu, na vyuma vya gereji kwa kugonganisha vijiko.

Onyesho la kwanza linaandikwa hivi:

(Usiku. Mvua inanyesha. BABU KONDO ameinama kwenye bomba lililozibwa kwa gunia. JUMA ameshika tochi.)

JUMA: Babu, mwalimu alisema maji haya yanakwenda mtoni.

BABU KONDO: Mwalimu ana choo chake. Chetu kimejaa tangu mwezi wa Ramadhani. Gari haliingii kichochoroni, na hiyo pesa yenyewe iko wapi?

JUMA: Na watu wa huko chini?

BABU KONDO: Mvua hii itafika baharini kabla hawajaamka. Mulika hapa.

(Anachomoa gunia. Wanafunzi wa MTO wanatikisa kanga ya buluu, na kitambaa cha kahawia kinaingia chini yake. JUMA anateleza. Kandambili yake nyekundu inachukuliwa na maji.)

JUMA: Kandambili yangu!

BABU KONDO: Iache, mwanangu. Mto ukichukua haurudishi.

Katika mistari hii michache mtazamaji amepata mambo matatu. Amejua kitendo, amejua sababu ya kitendo, na amesikia kauli ambayo igizo litaibatilisha mbele ya safari. Babu Kondo si mtu mwovu. Ana choo kilichojaa, kichochoro chembamba na mfuko mtupu, na watoto wengi walioketi mbele ya jukwaa wanamfahamu mzee kama yeye. Mchafuzi akichorwa kama shetani mwenye kicheko kikubwa, mtazamaji humzomea na kurudi nyumbani akiamini kwamba uchafu huletwa na watu wengine.

Onyesho la pili ni fupi zaidi, kwa kuwa gereji ni mahali pa haraka:

(Mchana. Chini ya mwembe. CHANDE ameshika beseni lenye oili chafu.)

FUNDI SUDI: Mwaga hiyo upesi, mteja anasubiri.

CHANDE: Wapi, fundi?

FUNDI SUDI: Kwani jana ulimwaga wapi?

(CHANDE anamimina mtaroni. Kitambaa cheusi kinaingia chini ya kanga. Kandambili inapita.)

CHANDE: Fundi, tazama, kandambili ya mtoto.

FUNDI SUDI: Mto huu unapita na kila kitu. Lete spana namba kumi na nne.

Fundi Sudi anaiona kandambili, anajua ni ya mtoto, kisha anaomba spana. Mstari huo wa mwisho hauhitaji maelezo ya mwalimu. Uzembe wa kila siku ndivyo ulivyo: mtu anaona, halafu anaendelea na kazi.

Kuhakikisha sayansi ni sahihi

Onyesho la tatu liko bustanini. Mama Tatu anachota maji ya mto kwa keni na kumwagilia matuta ya mchicha. Baada ya kuvuna, anasuuza mafungu ya mchicha kwenye maji hayohayo ili yaonekane mabichi, na kwenye karai hilohilo anasuuza nyanya anazouza pamoja na mboga. Akiinua karai anakuta kandambili nyekundu imekwama kwenye majani, anaifuta na kuiweka kapuni.

Hapa ndipo waandishi wengi hukosea. Wanampa mtoto sahani ya mchicha uliopikwa, kisha wanamlaza hoi. Mchicha ukichemshwa vizuri, joto huua vijidudu vya kuhara, na mwanafunzi anayefahamu hilo ataacha kuliamini igizo zima. Hatari iko kwenye vinavyoliwa bila kupikwa, kwenye mikono iliyoshika mafungu, na kwenye kisu na kibao vilivyotumika kabla ya kuoshwa. Ndiyo maana karai la Mama Tatu lina nyanya. Nyanya ndizo zitakazokatwa kachumbari. Madini mazito kama risasi ni jambo jingine, maana hayo hayaondoki kwa kupika. Lakini madhara yake huja polepole kwa miaka, na igizo la dakika kumi halina njia nzuri ya kuyaonyesha.

Muda nao lazima uheshimiwe. Mtu aliyeingiwa na vijidudu vya kipindupindu, kwa mfano, huweza kuanza kuharisha baada ya saa chache au hadi siku tano. Mwandishi akimfanya Juma ashike tumbo papo hapo baada ya tonge la kwanza, atakuwa amefundisha sumu, si maambukizi. Katika igizo hili kati ya onyesho la tatu na la nne zinapita siku mbili, na mwanafunzi mmoja anavuka jukwaa mara mbili akiwa amebeba jua la karatasi.

Kosa jingine linahusu samaki. Mara nyingi mhusika husema maji ni salama kwa sababu kambare bado wanavuliwa. Kinyesi kikiingia mtoni, bakteria wanaokiozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na perege hupungukiwa pumzi mapema. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, hivyo huweza kuishi mahali ambapo wenzake wamekufa. Kambare waliobaki peke yao si ushahidi wa maji safi. Jambo hili linaweza kuingia igizoni kwa mistari miwili, Chande akijisifu kwa kambare aliyemvua na Mama Tatu akimuuliza perege wamekwenda wapi.

Kumaliza bila hotuba

Onyesho la nne ndilo kilele:

(Siku mbili baadaye. JUMA amelala mkekani. BABU KONDO anamnywesha maji ya chumvi na sukari. MAMA TATU anaingia na kapu la mboga.)

MAMA TATU: Shikamoo, mzee. Mjukuu ana nini?

BABU KONDO: Marahaba. Tumbo, tangu jana usiku. Asubuhi hii nampeleka zahanati.

MAMA TATU: Pole, baba. (Anatua kapu. Kandambili nyekundu imefungwa kwenye mpini.)

JUMA: (kwa sauti dhaifu) Kandambili yangu.

BABU KONDO: Umeitoa wapi hiyo?

MAMA TATU: Bustanini kwangu, asubuhi ile baada ya mvua. Ilikuwa kwenye maji ninayooshea mboga. Nikasema, kuna mtoto mahali analia.

(BABU KONDO anaitazama kandambili. Anazitazama nyanya kapuni. Anamtazama JUMA.)

MAMA TATU: Mzee, mbona kimya?

(BABU KONDO hajibu. Kanga ya buluu inasimama.)

Igizo linakoma hapo. Babu hakiri, hatubu, wala hakuna mwalimu anayeingia kusoma mafunzo matano. Mtazamaji ameshajua kila kitu ambacho Babu amekijua wakati huohuo, na mto uliosemwa kwamba haurudishi umerudisha. Igizo likimalizika kwa wahusika wote kuimba kwamba watatunza mazingira, watoto hupiga makofi na jambo huishia hapo. Likimalizika kwa swali la Mama Tatu, wanataka kulijibu.

Jibu hilo ndilo sehemu ya pili ya shughuli. Njia hii ya kuwapa watazamaji nafasi ya kujadili walichokiona ina historia nchini Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya mkoani Mwanza. Wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayaigiza, kisha wakayajadili. Igizo la mto linaweza kufuata utaratibu huo kwa kiwango cha darasa.

Mwongozaji humwita Babu Kondo, akiwa bado kwenye maleba yake, na watazamaji humuuliza maswali. Kwa nini hakuita gari? Kwa nini hakuzungumza na majirani? Mwanafunzi anayemwigiza Babu hujibu kutoka ndani ya hali ya Babu. Hapo suluhisho huanza kujitokeza likiwa na bei na vikwazo vyake. Kaya kadhaa zinaweza kuchangia kutoa majitaka kwa pampu ya mkono inayopita kichochoroni, kisha mzigo ukabebwa kwa pikipiki ya miguu mitatu hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Fundi Sudi anaweza kukinga oili kwenye dumu lenye kifuniko na kuwauzia wakusanyaji. Mama Tatu anaweza kuacha kumwagilia maji ya mto siku chache kabla ya kuvuna, na kusuuza mboga kwa maji ya bomba.

Katika mjadala sheria huulizwa pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kipimo hicho kinaweza kuonyeshwa uwanjani. Wanafunzi wakipima hatua 80 au 90 za mtoto kutoka kwenye kanga ya buluu, watagundua kwamba nyumba ya Babu, gereji na hata bustani ya Mama Tatu vyote vimo ndani. Kwa hiyo sheria haimgusi mmoja peke yake, na mjadala hauwezi kuishia kwa kumtafuta mkosaji mmoja.

Kuandika, kupima muda na kufanya mazoezi

Kabla ya kuandika, wanafunzi huhitaji kuuona mto wao. Nusu saa darajani wakiwa na mwalimu inatosha. Huandika rangi ya maji, harufu, vitu vinavyoelea, mitaro inayoingia, na watu wanaotumia maji hayo. Hawashuki ukingoni wala hawagusi maji. Mistari mizuri ya igizo hutoka kwenye daftari hilo, kwa maana mtoto aliyemwona mkulima akisuuza mboga huandika mkono, karai na fungu, badala ya kuandika kwamba mazingira yameharibiwa.

Kwa kasi ya mazungumzo ya jukwaani, ukijumlisha kimya na vitendo, igizo la dakika kumi huhitaji maneno 900 hadi 1,000 hivi. Hizo ni kurasa tano au sita za daftari. Likizidi hapo, kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni maelezo ambayo wahusika wanapeana ilhali wote wanayafahamu. Babu hana haja ya kumweleza Juma kwamba choo chao kiko nyuma ya nyumba.

Maleba na vifaa huwa vya kawaida: kanga ya buluu, vitambaa vya kahawia na cheusi, kapu, karai, dumu, keni na kandambili. Taka zozote zinazoonyeshwa jukwaani ziwe zimeoshwa na kukaushwa nyumbani, na oili ibaki kuwa kitambaa. Mwalimu anayetaka kuonyesha utando wa oili anaweza kumimina kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye chupa angavu yenye maji, nayo yatapanda juu mbele ya darasa.

Mazoezi huenda vizuri yakianza bila maneno. Wanafunzi hupitisha kandambili kutoka onyesho la kwanza hadi la nne kwa vitendo vitupu, na anayetazama aweze kusimulia kilichotokea. Akishindwa, kisa hakijakaa sawa, na mistari mizuri haitakiokoa.

Kujua kama igizo limefanya kazi

Baada ya onyesho, watazamaji huulizwa maswali matatu: nani aliumia, kwa nini Babu alifungua bomba, na angefanya nini badala yake. Wakijibu kwamba watu wasitupe taka ovyo, igizo limepita juu ya vichwa vyao, kwa kuwa hakuna taka iliyotupwa ovyo katika kisa hiki. Wakijibu kwa kutaja kichochoro, gari, pesa na nyanya, wameufuata mto.

Igizo hili lina mipaka yake. Limechagua kaya, gereji na bustani, lakini Msimbazi hupokea pia maji machafu kutoka viwandani, na jambo hilo halitatuliwi na mzee mwenye tochi. Shule iliyo karibu na kiwanda inaweza kumwondoa Fundi Sudi na kumweka mlinzi wa zamu ya usiku anayefungua koki, na mjadala ukahamia kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, maarufu kama NEMC, na wajibu wa wakaguzi. Kandambili itapita hapo pia.

Shule ya pembezoni mwa mto mwingine itabadilisha majina, zao la bustanini na kitu kinachosafiri. Mpangilio utabaki: mmwagaji mwenye sababu, mpitaji aliyeona akanyamaza, mtumiaji asiyejua, na kitu kinachorudi mlangoni kwa aliyekiachia.